Eneo la hifadhi lililojaa kwenye Oracle: uchambuzi wa kisa kilichotatuliwa programu ikiendelea kufanya kazi

Kisa hiki kinahusu mfumo wa kupokea maagizo ya wateja unaotumia hifadhidata ya Oracle 19c, toleo la Enterprise, ambao mchana wa siku ya kazi ulianza kukataa baadhi ya maagizo huku mengine yakipita bila tatizo. Watumiaji waliokuwa wakisoma taarifa hawakuona tofauti yoyote, na waliokuwa wakirekebisha rekodi zilizopo kwa kawaida walifanikiwa. Walioshindwa ni wale ambao kazi yao ilihitaji kuongeza rekodi mpya kwenye jedwali moja. Majina ya majedwali na ya faili nimeyabadilisha, lakini mpangilio wa tatizo na hatua zilizochukuliwa ni ule ule.

Kumbukumbu za programu zilionyesha ujumbe huu:

```
ORA-01653: unable to extend table DUKA.AGIZO_BIDHAA
by 1024 in tablespace DUKA_DATA
```

Ujumbe huu unapaswa kusomwa polepole, kwa sababu kila sehemu yake ina habari. Nambari 1024 ni idadi ya bloku ambazo Oracle ilijaribu kuzitenga kwa mara moja. Hifadhidata hii inatumia bloku za kilobaiti 8, kwa hiyo jedwali lilikuwa linaomba kipande cha megabaiti 8, ambacho ni kimojawapo cha vipimo vya kawaida pale ambapo Oracle imeachiwa ichague yenyewe ukubwa wa vipande: kilobaiti 64 jedwali likiwa dogo, kisha megabaiti 1, kisha 8, kisha 64 kadiri jedwali linavyokua. Eneo lililokosa nafasi ni DUKA_DATA. Kuhusu jedwali lililotajwa, ujumbe hausemi kwamba ndilo lililoijaza nafasi hiyo. Unasema tu kwamba ndilo lililokuwa likiomba nafasi wakati ilipokwisha. Tofauti hiyo ilikuja kuwa kiini cha kisa chote, kwani waliofika kwanza walianza kulichunguza jedwali la AGIZO_BIDHAA, ambalo halikuwa na kosa lolote.

Swali la kwanza lilikuwa kwa nini eneo limejaa ilhali faili zake zimewekwa zijipanue zenyewe. Mmoja wa wasimamizi alikuwa tayari ameangalia safu ya AUTOEXTENSIBLE, akaona YES kwenye faili zote tatu, na akahitimisha kwamba tatizo lazima liko kwenye diski. Diski ilikuwa na zaidi ya gigabaiti 200 zilizo wazi. Kilichokosekana katika uchunguzi wake ni kulinganisha ukubwa wa sasa wa kila faili na kikomo chake:

```sql
SELECT file_name, bytes/1048576 AS mb,
       maxbytes/1048576 AS kikomo_mb, autoextensible
FROM   dba_data_files
WHERE  tablespace_name = 'DUKA_DATA';
```

Faili zote tatu zilikuwa zimefikia kikomo, karibu megabaiti 32,768 kila moja. Kikomo hicho hakikuwekwa na mtu. Faili la data la kawaida la Oracle haliwezi kuwa na zaidi ya bloku milioni nne na kidogo, na kwa bloku za kilobaiti 8 hiyo ni sawa na takriban gigabaiti 32. Hata anayeandika MAXSIZE UNLIMITED anapata kikomo hicho hicho, na ndiyo maana safu ya MAXBYTES huonyesha 34359721984 kwenye faili ambalo mwenyewe alidhani halina mpaka. Neno YES, basi, lilikuwa la kweli na halikuwa na msaada: faili ziliruhusiwa kujipanua, ila hazikuwa na pa kujipanulia. Tulipouliza DBA_FREE_SPACE kama kuna kipande chochote kilichobaki wazi ndani ya eneo hilo, jibu lilirudi tupu.

Hapo mapendekezo mawili yalijitokeza kwa wakati mmoja, na ni vizuri kueleza kwa nini moja lilikataliwa. Pendekezo la kwanza lilikuwa kufuta rekodi za zamani ili nafasi ipatikane haraka. Katika dharura ya aina hii, naliona pendekezo hilo kuwa baya kuliko yote yanayoweza kutolewa, ingawa ndilo linalokuja akilini mwepesi zaidi. Amri ya DELETE huziondoa rekodi kutoka kwenye bloku lakini hairudishi bloku hizo kwenye eneo la hifadhi. Zinabaki kuwa mali ya jedwali lile lile, na jedwali jingine haliwezi kuzitumia. Ukifuta rekodi milioni kumi za matukio, jedwali la maagizo halipati hata bloku moja. Unachopata kwa hakika ni wingi wa data ya kutengua na kumbukumbu za mabadiliko, mzigo juu ya diski, na kufuli kwenye rekodi ambazo pengine kuna mtu anazihitaji. TRUNCATE na DROP ndizo zinazorudisha nafasi, na hizo hazifanyiwi majaribio mchana kwenye mfumo unaotumika.

Pendekezo la pili, ambalo lilifuatwa, lilikuwa kuongeza faili la nne. Amri hiyo haihitaji kusimamisha chochote: vipindi vilivyo wazi vinaendelea, na ombi la kwanza la nafasi linalokuja baada ya faili kukamilika linahudumiwa bila programu kuwashwa upya. Hata hivyo, kabla ya kuiandika kulikuwa na mambo ya kuthibitisha, kwa sababu kuongeza faili ni rahisi na kuliondoa ni vigumu. Faili la data linaweza kuondolewa kwa DROP DATAFILE likiwa tupu tu. Likishapokea hata kipande kimoja cha jedwali linalotumika, umefungwa nalo mpaka ukihamishe kipande hicho.

Jambo la kwanza ni kigezo cha DB_FILES, kinachoweka idadi ya juu ya faili ambazo hifadhidata inaweza kufungua. Thamani yake ya kawaida ni 200, na hakibadiliki mpaka hifadhidata izimwe na kuwashwa tena. Anayekutana na ORA-00059 katikati ya dharura amepoteza njia ya kuongeza faili bila kusimamisha huduma, na kinachobaki kwake ni kupandisha MAXSIZE au kutumia RESIZE kwenye faili zilizopo, iwapo kuna ambazo hazijafika kikomo. Katika kisa chetu kulikuwa na faili 61, kwa hiyo njia ilikuwa wazi.

Jambo la pili ni hifadhidata ya akiba, ile inayopokea mabadiliko yote kwa njia ya Data Guard. Ikiwa kule kigezo cha STANDBY_FILE_MANAGEMENT ni AUTO, faili jipya linaundwa lenyewe, mradi diski ya kule ina nafasi na njia za saraka zimepangwa ipasavyo. Kikiwa MANUAL, hifadhidata ya akiba inaandika jina la bandia linaloanza na UNNAMED, inaacha kutumia mabadiliko, na kuanzia hapo inabaki nyuma ya ile kuu huku hakuna mtumiaji anayehisi lolote. Kosa hili ni la hatari kwa sababu ya ukimya wake: upande wa kwanza kila kitu kimetengemaa, pongezi zimetolewa, na akiba ambayo siku moja itahitajika imesimama. Tuliangalia kigezo hicho pamoja na nafasi ya diski pande zote mbili.

Jambo la tatu ni mahali penyewe pa faili. Seva ilikuwa moja, kwa hiyo saraka ya kawaida ilitosha. Kwenye mfumo wa RAC wenye seva kadhaa, faili lililoundwa kwa bahati mbaya kwenye diski ya ndani ya seva moja halitaonekana na seva nyingine, na maombi yanayopitia huko yataanza kupata ORA-01157. Tangu toleo la 12.1 inawezekana kulihamisha faili kama hilo bila kulifunga, kwa ALTER DATABASE MOVE DATAFILE, lakini ni afadhali kuisoma njia ya faili mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe.

Amri iliyotumika ni hii:

```sql
ALTER TABLESPACE duka_data
  ADD DATAFILE '/u02/oradata/duka/duka_data04.dbf'
  SIZE 2G AUTOEXTEND ON NEXT 256M MAXSIZE 32767M;
```

Gigabaiti 2 za kuanzia zilichaguliwa kwa makusudi. Oracle huziandaa bloku zote za ukubwa wa mwanzo kabla ya faili kuanza kutumika, na faili la gigabaiti 30 lingewaacha watumiaji wakisubiri huku diski ikiandika bloku tupu. Faili dogo linakuwa tayari haraka, kisha linajipanua lenyewe. Upanuzi wa megabaiti 256 kwa mara moja ni wastani unaofaa: thamani ndogo sana humfanya mtumiaji mmoja baada ya mwingine asubiri faili lirefushwe, na kubwa sana humfanya mmoja wao asubiri kwa muda mrefu. Neno REUSE halikuandikwa, wala halipaswi kuandikwa hapa, kwa kuwa linairuhusu Oracle kuandika juu ya faili lililopo lenye jina hilo. Bila neno hilo, jina likirudiwa amri inakataliwa na hakuna kinachoharibika.

Amri ilipokamilika, makosa yalikoma. Wapo waliotaka programu iwashwe upya kwa usalama zaidi, lakini hapakuwa na sababu. ORA-01653 haivunji muunganisho wala haiharibu kipindi. Amri moja ilishindwa, na inayofuata inafanikiwa. Kuwasha upya kungekata miamala iliyokuwa ikiendelea vizuri, na hilo ndilo tulilokuwa tumeliepuka tangu mwanzo.

Swali lililobaki lilikuwa zito kuliko kosa lenyewe: nini kiliandikwa katika muda ambao eneo lilikuwa limejaa? Oracle inaposhindwa kutekeleza amri moja kwa sababu ya kukosa nafasi, inaitengua amri hiyo peke yake. Amri zilizotangulia ndani ya muamala huo huo zinabaki zikisubiri uamuzi wa programu, na programu ndiyo inayopaswa kuagiza ROLLBACK. Msimbo wa sehemu moja ya mfumo huu ulikuwa unalinasa kosa, unaliandika kwenye kumbukumbu, kisha unaendelea hadi COMMIT. Matokeo yake, kichwa cha agizo kiliingia kwenye jedwali la AGIZO na bidhaa zake hazikuingia kwenye AGIZO_BIDHAA. Hifadhidata haikuona kasoro yoyote, kwa sababu ufunguo wa kigeni unamkataza mtoto asiye na mzazi lakini haumkatazi mzazi asiye na mtoto. Maagizo hayo yalitafutwa hivi:

```sql
SELECT a.agizo_id
FROM   duka.agizo a
WHERE  a.muda >= SYSDATE - 1
AND    NOT EXISTS (SELECT 1 FROM duka.agizo_bidhaa b
                   WHERE b.agizo_id = a.agizo_id);
```

Yalipatikana maagizo machache, na kila moja lilikamilishwa au kufutwa baada ya kuwasiliana na mwenye agizo. Ningependa hatua hii ihesabiwe kuwa sehemu ya utatuzi na isichukuliwe kama usafi wa baadaye. Nafasi ikisharudi, ujumbe wa kosa unatoweka, na rekodi hizi nusunusu haziwezi kujitokeza zenyewe mpaka mtu aulize agizo lake limeishia wapi.

Baada ya hapo ndipo tulipotafuta kilichoijaza nafasi. Orodha ya DBA_SEGMENTS iliyopangwa kwa ukubwa ilitoa jibu kwenye mstari wa kwanza: jedwali la MATUKIO lilikuwa na gigabaiti 58 kati ya takriban 96 za eneo zima. Jedwali hilo linahifadhi matukio ya siku 30 tu. Kila usiku kazi moja inafuta matukio yaliyopitwa na siku hizo, kisha inapakia ya siku iliyokwisha, yenye wastani wa megabaiti 200. Hesabu ya haraka inatoa gigabaiti 6. Rekodi zilizomo zilihesabiwa na kukutwa zikilingana na matarajio hayo. Kwa maneno mengine, gigabaiti 52 zilikuwa za jedwali ambalo halikuwa na kitu ndani yake.

Maelezo ya kawaida, kwamba DELETE hairudishi nafasi, hayatoshi hapa. Nafasi inayoachwa na DELETE hairudi kwenye eneo la hifadhi, lakini inabaki ikitumika kwa rekodi mpya za jedwali lile lile, na jedwali linalofuta megabaiti 200 na kupokea megabaiti 200 kila usiku linapaswa kutulia kwenye ukubwa mmoja. Hili halikutulia kwa sababu upakiaji uliandikwa kwa maelekezo ya APPEND:

```sql
INSERT /*+ APPEND */ INTO duka.matukio
SELECT * FROM duka.matukio_ya_leo;
```

Maelekezo haya yanaiambia Oracle isitafute nafasi ndani ya bloku zilizokwisha kutumika, bali iandike moja kwa moja kwenye bloku mpya zilizo juu ya alama ya kilele, yaani mpaka wa mwisho ambao jedwali limewahi kufikia. Upakiaji unakuwa wa kasi, na hiyo ndiyo sababu ya kuyatumia. Lakini yakiunganishwa na DELETE ya kila usiku, jedwali linasogea mbele kama mkulima anayefungua shamba jipya kila msimu na kuliacha la zamani bila kulirudia. Bloku za nyuma zinabaki tupu, hakuna amri inayozijaza, na kwa megabaiti 200 kwa usiku gigabaiti 52 zinahitaji usiku 260 hivi. Kazi hiyo ilikuwa imeandikwa miezi mingi kabla, na hakuna aliyeiunganisha na tatizo kwa kuwa haikuwahi kushindwa.

Dalili hii inaweza kuthibitishwa bila kukisia. Utaratibu wa DBMS_SPACE.SPACE_USAGE hugawa bloku za jedwali kulingana na kiasi cha nafasi iliyo wazi ndani yake. Kwa MATUKIO, bloku nyingi mno ziliangukia kwenye kundi la FS4, lenye nafasi ya kuanzia asilimia 75 hadi 100, na chache zilizobaki zilikuwa zimejaa kabisa. Jedwali linalokua kwa sababu data imeongezeka kweli halionyeshi picha hiyo. Dalili nyingine ni kwamba hoja inayosoma jedwali zima inakuwa nzito mwezi hadi mwezi ingawa idadi ya rekodi haibadiliki, kwa kuwa inalazimika kuzipitia hata bloku tupu hadi kwenye alama ya kilele.

Marekebisho ya chanzo yalikuwa mafupi: maelekezo ya APPEND yaliondolewa. Upakiaji ulichukua muda mrefu zaidi, lakini kwa megabaiti 200 za usiku ongezeko hilo halikumsumbua mtu. Kwa data nyingi zaidi ningependekeza kuligawa jedwali katika sehemu za siku moja moja na kuidondosha sehemu nzima iliyopitwa na wakati, jambo linalorudisha nafasi papo hapo bila DELETE. Kizuizi ni kwamba ugawaji huo ni huduma yenye leseni yake ya ziada juu ya toleo la Enterprise.

Kisha ilibaki kuzirudisha gigabaiti 52, tena bila kulifunga jedwali:

```sql
ALTER TABLE duka.matukio MOVE ONLINE;
```

Amri hii, iliyopo tangu toleo la 12.2, inaziandika upya rekodi zilizo hai mahali pamoja, inatunza faharasa zake, na inaruhusu watumiaji waendelee kuongeza na kurekebisha rekodi wakati inafanya kazi. Neno ONLINE lisiachwe: bila hilo jedwali linafungwa, na kwa kawaida faharasa zake zinabaki hazitumiki, kiasi kwamba programu inaanza kupata ORA-01502 mara tu kazi inapokamilika. Amri inahitaji nafasi ya nakala ya pili ya data iliyo hai, yaani gigabaiti 6 na za faharasa, na kwa hiyo isingewezekana kabla faili la nne halijaongezwa. Haiendi sambamba na upakiaji wa APPEND, kwa sababu upakiaji huo unataka kulishika jedwali peke yake. Ingawa APPEND ilikuwa imekwisha kuondolewa, kazi ya usiku ilisimamishwa mpaka uhamishaji ulipokwisha. Pia programu yoyote inayohifadhi ROWID za rekodi itakuta zimebadilika.

Asiye na toleo la Enterprise anaweza kutumia SHRINK SPACE, baada ya kuwezesha ROW MOVEMENT. Ni vyema kuanza na SHRINK SPACE COMPACT, inayosogeza rekodi bila kugusa alama ya kilele, na kuiacha SHRINK SPACE yenyewe, ambayo hulifunga jedwali kwa muda mfupi, kwa saa tulivu. Jedwali lenye faharasa iliyojengwa juu ya fomula litaikataa kwa ORA-10631. Na kwa jedwali kama hili, ambalo rekodi zake hai zote zimelala mwishoni, karibu kila rekodi italazimika kusogezwa moja moja, hivyo kazi inakuwa ndefu na yenye kumbukumbu nyingi za mabadiliko.

Kuhusu kuzuia, liliulizwa kama mfumo ungeweza kuwekwa usubiri nafasi badala ya kushindwa. Oracle ina uwezo huo: kigezo cha RESUMABLE_TIMEOUT kikiwa na idadi ya sekunde, amri iliyokosa nafasi inasimama, inaonekana kwenye DBA_RESUMABLE, na inaendelea yenyewe nafasi ikipatikana. Tuliuwasha kwenye kipindi cha kazi ya usiku, ambapo kusubiri saa moja ni bora kuliko kuanza upya. Kwa maagizo ya wateja tuliukataa, kwa kuwa amri iliyosimama haiachii kufuli za muamala wake, na baada ya dakika chache miunganisho yote ya programu ingekuwa imesimama nyuma ya kufuli hizo, hata ile ya watu wasiohitaji nafasi mpya kabisa.

Ufuatiliaji wa nafasi nao ulibadilishwa. Awali ulikuwa ukilinganisha nafasi iliyotumika na ukubwa wa sasa wa faili, kipimo ambacho kwa faili zinazojipanua hukaa karibu na asilimia 100 wakati wote, na wasimamizi walikuwa wamezoea kukipuuza. Sasa unasoma safu ya USED_PERCENT kwenye DBA_TABLESPACE_USAGE_METRICS, inayozingatia ukubwa ambao faili zinaweza kufikia, na kila asubuhi ukubwa wa MATUKIO unaandikwa kando yake. Tangu APPEND iondolewe na jedwali kuhamishwa, ukubwa huo umetulia karibu na gigabaiti 6, na faili la nne, lililojipanua wakati wa uhamishaji, halijajipanua tena.